Mtoto hazaliwi na rangi yake: niliyoongea na wazazi kuhusu ngozi ya kichanga

Jamani kuna watu wamenipigia wakilalamika hawakuwahi, wengine walifika tukiwa tunakunja viti, kwa hiyo nimekaa nimeandika yote kama nilivyoyaongea. Zile picha za ukutani nimeziacha, maana bila mimi kusimama pale na kidole hazitawasaidia. Someni kama mmekaa mbele yangu.

Haya.

Akina mama, akina baba, bibi na babu mliokuja na wajukuu, asanteni. Naomba nianze kwa kuwauliza, na mnijibu kwa kunyoosha mkono. Nani hapa alimwangalia mtoto wake siku ya kwanza akasema huyu mweupe, halafu baada ya miezi mitatu akasema mbona amegeuka? Eeh, mikono yote hiyo. Sasa nani aliwahi kuulizwa na mtu wa familia, "huyu mtoto mbona hafanani na sisi"? Mikono imepungua, lakini naiona, na kuna wawili hapa mbele wameinamisha macho na mimi nimewaelewa vizuri tu.

Mimi ni mkunga. Nimepokea watoto kwa miaka mingi na swali la rangi nimeulizwa kuliko swali la uzito, na jibu langu ni lile lile kila siku. Mtoto hazaliwi na rangi yake. Rangi unayoiona pale kitandani ni damu. Halafu ile damu inavunjika na kuacha njano. Halafu ndipo rangi yake mwenyewe inaingia, pole pole, wiki baada ya wiki. Damu, njano, kisha rangi. Mkinishikia hayo matatu mengine yote yatajipanga.

Tuanze na damu.

Mtoto akiwa tumboni hapumui, oksijeni yake inatoka kwa mama kupitia kondo, na inayomfikia ni kidogo ukilinganisha na ile tunayoivuta mimi na wewe. Sasa mwili wake unafanyaje? Unatengeneza damu nyingi nyekundu ili hicho kidogo kisipotee. Ndiyo maana mtoto aliyetimiza miezi anazaliwa na hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, ya kama gramu 17 hivi kwa desilita moja ya damu, wakati mama yake mwenyewe pale kitandani akiwa na 12 anaambiwa yuko vizuri. Damu nyingi, ngozi nyembamba, rangi ya ngozi bado haijajaa. Unaona nini? Unaona wekundu. Wengine wanazaliwa kama zambarau kabisa, dakika ya kwanza, kisha wanalia, mapafu yanafunguka, na wekundu unaanzia kifuani na usoni unasambaa huku mnaangalia.

Kuna daktari wa usingizi, Virginia Apgar, mwaka 1952 alitengeneza alama za kumpima mtoto akishazaliwa, siku hizi tunapima dakika ya kwanza na ya tano, vitu vitano, kila kimoja 0 mpaka 2, na rangi ni kimojawapo. Basi mjue watoto wengi sana wazima kabisa wanakosa alama moja kwenye rangi, kwa sababu viganja na nyayo bado ni bluu. Na zinaweza kubaki hivyo siku ya kwanza, hata ya pili. Nimewahi kushikwa mkono na baba mmoja saa nane usiku, anatetemeka, ananivuta nikaangalie vidole vya mwanawe vimekuwa bluu. Nikamfungua mtoto mdomo, nikamwonyesha ulimi. Ulimi mwekundu, midomo myekundu, mtoto ananyonya. Nikamwambia baba, damu iko bize na moyo na ubongo, vidole vitasubiri zamu yao. Lakini nikamwambia na upande wa pili, na nyie nawaambia: ulimi ukiwa bluu, midomo ikiwa bluu, hapo hakuna kusubiri asubuhi, ni kukimbia. Na kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usihangaike na shavu, shavu litakudanganya, angalia ulimi na fizi.

Sasa hiyo damu nyingi, mtoto akishaanza kupumua, ya nini tena? Haina kazi. Mwili unapunguza kutengeneza mpya, na zile seli za zamani hata hivyo haziishi muda mrefu kama zetu. Wiki ya 8 mpaka ya 12 hemoglobini imeshuka mpaka kama 11, hata chini kidogo, kwa mtoto mzima kabisa asiye na ugonjwa. Kwa hiyo ule wekundu wa siku ya kwanza unapauka. Mnanielewa? Kabla hata hatujagusa habari ya weusi, mtoto ameshabadilika mara moja, kwa sababu ya damu peke yake.

Na seli zikivunjika, taka zake zinakwenda wapi? Hapo ndipo njano inapoingia, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo watoto wanapoumia.

Mnajua ukijigonga, lile vilio la damu linaanza jeusi, linakwenda kijani, halafu njano kabla ya kupotea? Ni damu inavunjwa pale chini ya ngozi. Kwa kichanga inatokea hiyo hiyo ila mwili mzima, na ile njano ya mwisho inaitwa bilirubini. Kazi ya kuiondoa ni ya ini, ini linaigeuza iweze kuteleza na nyongo itoke na choo. Mtoto akiwa tumboni kazi hiyo alifanyiwa na mama kupitia kondo. Kitovu kikikatwa ini lake linakabidhiwa mzigo siku moja, halijazoea, na mzigo wenyewe ni mkubwa kwa sababu ya ile damu nyingi niliyowaambia. Njano inarundikana. Kama watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi wanapata manjano, njiti ni kama 8 kati ya 10. Inaonekana siku ya pili au ya tatu, inapanda, inafika juu siku ya tatu mpaka ya tano, halafu inashuka, na kwa aliyetimiza miezi wiki mbili zinamtosha kuimaliza.

Kwa hiyo manjano ni kawaida? Nyingi ni kawaida. Lakini bilirubini ikizidi sana inaingia kwenye ubongo, na kilichoharibika huko hakirudi. Mtoto anabaki kiziwi, au mwili wake haumtii maisha yake yote.

Niwape kisa. Siku ya tano ya kichanga kimoja, mama yake kanipigia kuuliza habari ya kitovu tu, kinatoa maji. Nikapita jioni. Nyumba imejaa watu wamefurahi, bibi mtu ananiambia "tazama alivyo mweupe, katulia, hasumbui, kulala tu". Kulala tu. Hilo neno likanishtua kuliko kitovu. Chumbani kuna taa moja ya mwanga wa njano, na chini ya taa ya hivyo kila mtu ni wa njano, huwezi kuona kitu. Tukamtoa mlangoni kwenye mwanga wa nje kabla jua halijazama. Nikabonyeza ncha ya pua kwa kidole, nikahesabu moja mbili, nikaachia. Pale palipobonyezwa damu inakimbia kidogo, na kabla haijarudi unaona kilichoko chini. Palikuwa njano ya kukolea. Nikafungua kope, weupe wa jicho njano. Fizi njano. Nikageuza unyayo, njano. Mtoto amenyonya mara ngapi tangu asubuhi? Mara tatu, mama akasema, nikimwamsha hataki.

Mnaona? Ule "weupe mzuri" ulikuwa njano iliyokaa juu ya ngozi ambayo bado haijapata rangi yake. Usiku ule ule walipima damu, ikawa imepita kiwango cha kuwekwa chini ya taa za bluu za kutibu manjano, akakaa kwenye taa siku mbili, akatoka analia kwa nguvu na ananyonya vizuri. Mpaka leo nikikumbuka kwamba niliitwa kwa ajili ya kitovu moyo unanidunda.

Hizo taa za bluu nazo zina hadithi yake, nipeni dakika moja. Mwaka 1956 huko Uingereza, hospitali ya Rochford, kulikuwa na nesi anaitwa Jean Ward, ndiye msimamizi wa wodi ya njiti, na alikuwa anaamini watoto wanahitaji hewa, kukiwa na jua anawatoa uani halafu anawarudisha. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amevuliwa, mwili umepauka, isipokuwa kipande kimoja cha pembetatu ambacho ni njano ya kukolea kuliko pengine pote. Wakamuuliza umempaka iodini? Akasema hapana, hapo ndipo kona ya shuka ilipomfunika. Yaani mwanga uliondoa manjano kila mahali ulipogusa, kona iliyofunikwa ikabaki! Baadaye na chupa ya damu ya mtoto iliyoachwa kwenye jua dirishani ilipimwa ikakutwa bilirubini imeshuka, na mwaka 1958 wakaandika matokeo ya taa walizotengeneza. Mwanga unaibadilisha bilirubini umbo mpaka inaweza kutoka bila kulisubiri ini. Nesi mmoja aliyetazama ngozi ya mtoto kwa makini.

Sasa bibi zangu msichukue hadithi hii mkaenda kumwanika mtoto juani mkasema mmemtibu. Taa ya hospitali ina mwanga uliochaguliwa, inammulika karibu mwili mzima, saa nyingi mfululizo, macho yamefunikwa, damu inapimwa tena na tena. Jua la dirishani halikupi hivyo, na jua la nje linaunguza ngozi ile. Cha kufanya nyumbani ni kunyonyesha, mara 8 mpaka 12 kwa siku nzima pamoja na usiku, kwa sababu njano inatoka na choo, na asiyenyonya hapati choo, na choo kikikaa tumboni ile njano inafyonzwa tena inarudi kwenye damu.

Na za kukimbilia hospitali ni hizi. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, hata kidogo, hiyo si ya kawaida kamwe. Manjano iliyofika viganjani na kwenye nyayo. Mtoto anayelala hataki kunyonya, au analia sauti nyembamba kali huku anajipinda mgongo nyuma. Na manjano iliyopita siku 14. Hapo angalia nepi: choo kikiwa cheupe kama chokaa au cha rangi ya udongo uliopauka, na mkojo wa njano ya kukolea unaotia doa, huenda mirija ya nyongo imeziba. Upo upasuaji wake lakini unafanikiwa zaidi ukifanyika kabla ya kama siku 60 tangu kuzaliwa. Siku 60 zinakwisha haraka sana watu wakiwa wanasema tusubiri.

Haya, pumueni. Tumefika kwenye rangi yenyewe, ile mnayogombania.

Ndani ya ngozi kuna seli zinazotengeneza rangi, rangi inaitwa melanini. Sasa sikilizeni hili maana watu wengi hawalijui: idadi ya hizo seli kwa mtu mweusi tii na mtu mweupe pee ni karibu sawa. Tofauti ni kazi zinazofanya. Zinafunga melanini kwenye vipakiti vidogo, zinavigawa kwa seli za jirani, na tofauti ya mtu na mtu ni wingi na ukubwa wa vipakiti na namna vinavyosambazwa. Mtoto anazaliwa seli zote ziko mahali pake, zilishaingia kwenye ngozi tangu mimba changa, ila uzalishaji uko chini. Baada ya kuzaliwa ndiyo unapanda. Wiki za kwanza unaanza kuona, miezi ya mwanzo unaona waziwazi, kufikia kama miezi 6 wengi wamekaribia rangi yao, na wengine wanaendelea kukolea mpaka mwaka umepita.

Kwa hiyo unganisheni. Siku ya kwanza mwekundu, damu. Siku ya nne ana umanjano. Wiki ya pili ile ngozi ya juu iliyoloweka maji tumboni imebanduka kama karatasi, njano imepungua, wekundu unapungua, na melanini bado kidogo. Mtoto ni mweupe kuliko atakavyokuwa tena maisha yake yote! Na ndipo wageni wanapokuja. Ndipo picha zinapopigwa. Halafu mwezi wa tatu mtu anachukua ile picha ya wiki ya pili analinganisha na mtoto aliyembeba, anaanza maneno.

Mama mmoja alikuja kliniki mtoto ana wiki kumi. Akakaa, akasubiri wenzake watoke, akatoa simu. Akaniambia dada, naomba uniangalizie, nimemfanya nini mwanangu? Mama mkwe anasema namlaza vibaya, wifi anasema mafuta ninayompaka ndiyo yanamchoma, na mume wangu hasemi kitu. Huyo asiyesema kitu ndiye aliyekuwa anamuumiza. Kwenye mkoba alikuwa na kopo la krimu amepewa na jirani "imrudishe rangi yake", hajafungua bado, anaogopa.

Nikamwambia weka picha zako kwa tarehe. Siku ya kwanza, mwekundu kama nyanya, masikio ya kahawia. Siku ya tisa, mweupe, masikio ya kahawia. Wiki ya sita, usoni ameanza kukolea. Masikio yale yale ya kahawia. Nikakuza ile picha ya kwanza kabisa kwa vidole viwili, nikamwonyesha ukingo wa sikio kule juu, halafu nikachukua kidole cha mtoto wake pale mapajani, nikamwonyesha ile ngozi inayokutana na mzizi wa kucha. Rangi hii mtoto alikuja nayo, nikamwambia, kwenye picha yako mwenyewe, saa chache tangu azaliwe. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Bibi zetu wanalijua hili, wanageuza sikio na kuangalia kucha, na hawakosei sana. Lakini siyo kipimo cha maabara, sikio halikuambii kipimo kamili cha rangi, linakuonyesha uelekeo tu. Na msiangalie sehemu za siri wala chuchu kama kipimo, zile mara nyingi zinakuwa nyeusi zaidi kwa ajili ya homoni za mama zilizompitia, na zinaweza kufifia baadaye.

Ile krimu niliomba aniachie. Krimu za kung'arisha ngozi nyingine zina haidrokwinoni, nyingine zina zebaki, na ngozi ya kichanga ni nyembamba, na mwili wake mdogo ukilinganisha na eneo la ngozi, kinachopakwa juu kinaingia ndani kwa wingi. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Unachotibu ni nini? Mtoto hana ugonjwa, seli zake zimeanza kazi.

Halafu lile baka la bluu au kijivu mgongoni chini au matakoni, wengi wenye asili ya ngozi nyeusi wanazaliwa nalo. Hizo ni seli za rangi zilizobaki chini zaidi kwenye ngozi, rangi ikitazamwa kutoka kina kile inaonekana bluu. Haliumi ukiligusa, halibadiliki siku kwa siku kama jeraha, linafifia kwa miaka. Nimeshaona mlezi anafukuzwa kwa ajili yake, anasema kwa machozi sijampiga, na kweli hakumpiga. Mwombeni nesi aliandike kwenye kadi ya mtoto mapema, mahali lilipo na ukubwa wake.

Baada ya hapo tukafungua maswali, nitaandika moja tu, la babu aliyekaa pale nyuma karibu na mlango. Akauliza, mwanangu, kwa hiyo tukimfunika, tusimtoe kabisa nje mpaka akomae, si atabaki na ule weupe? Nikamwambia babu, jua linaweza kumwongezea mtu rangi ni kweli, lakini hii inayoingia sasa hailisubiri jua. Nikamwomba mama wa yule mjukuu ainue mkono wa mtoto, miezi mitano, amefungwa kwenye shali kubwa. Babu akaja mpaka mbele, akavaa miwani, akainama. Kwapani, kwenye zile mikunjo ambazo jua halijawahi kufika hata siku moja, ndipo palikuwa pamekolea kuliko shavuni.